Dereva akipata kiharusi: mshahara unadumu hadi lini?

Mfanyakazi wa sekta binafsi anapougua, swali la kwanza nyumbani huwa ni nani atalipa hospitali. Swali la pili huchelewa: nani atalipa kodi ya nyumba, unga na ada wakati mwenye mshahara amelala? Bima ya afya inalimaliza la kwanza tu. Inamlipa daktari, haimlipi mwenye nyumba. Hapa nitashughulika na la pili, kwa hesabu ya mfano wa familia moja inayoishi kwa mshahara wa mtu mmoja Tanzania Bara.

Tuchukue dereva wa lori mwenye miaka 44, aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 9. Mshahara wake ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Baada ya mchango wa NSSF wa asilimia 10 na kodi ya mshahara, zinabaki takriban 730,000. Benki inakata 180,000 za mkopo, kwa hiyo anachofikisha nyumbani ni kama 550,000. Mke hana kipato, watoto ni watatu, na mama mzazi yuko kijijini anategemea kutumiwa. Bajeti ya nyumba ikibanwa kabisa ni 480,000. Tarehe 3 Machi anaamka mkono na mguu wa kushoto havisikii. Kiharusi.

Kinachoanza kumlinda ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kwa hesabu hiyo mshahara kamili unafika tarehe 4 Mei, na nusu inakoma tarehe 6 Julai. Lakini siku hizo si za kila mwaka. Ni za mzunguko wa miezi 36. Kama mwaka jana alilazwa na kupumzika siku 20, na siku hizo zilihesabiwa, zimeshaliwa. Mshahara kamili unaishia tarehe 14 Aprili, na nusu inaishia 16 Juni. Watu wengi hugundua hili siku wanapoona mshahara umepungua, ndipo wanaanza kugombana na mhasibu ambaye hana kosa.

Haki hii pia inasimama juu ya cheti cha daktari. Mwajiri haruhusiwi kukulazimisha ufanye kazi ukiwa mgonjwa, lakini usipompa cheti halazimiki kukulipa. Kwa hiyo kila ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzishwa kazi, inayotolewa hospitali ipelekwe kazini mapema, ipokelewe kwa mhuri au saini, na nakala ibaki nyumbani. Mgonjwa wa kiharusi hawezi kuifanya kazi hii mwenyewe, inabidi mke au ndugu ajue kwamba ni kazi yake.

Sasa iangalie hiyo nusu. Nusu ya 900,000 ni 450,000. Ikitoka NSSF na kodi, zinabaki takriban 394,000. Mkopo wa benki haujui kwamba mshahara umepungua, unakata 180,000 zile zile. Nyumbani zinafika kama 214,000, wakati bajeti iliyobanwa ni 480,000. Ndiyo maana nusu mshahara kwa mtu mwenye mkopo si nusu ya maisha yake, ni chini ya hapo sana. Mtu akienda benki mapema, kabla makato hayajaanza kurudi bila kulipwa, anaweza kuomba mkopo upangwe upya. Na hapo hapo aulizie bima ya mkopo. Mikopo mingi ya mishahara inakatiwa bima siku ya kuchukua, na mkopaji huwa ameilipia bila kuisoma. Mara nyingi bima hiyo hulipa deni mkopaji akifa au akipata ulemavu wa kudumu na kamili. Aombe nakala ya masharti, asikubali maelezo ya mdomo.

Baada ya tarehe 6 Julai, msaada unategemea ugonjwa ulitoka wapi. Kama dereva huyu angeumia kwenye ajali ya lori akiwa safarini kwa kazi, angekuwa chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huo unachangiwa na mwajiri peke yake. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hupewa pensheni ya kila mwezi. Ukiwa chini ya hapo hulipwa mkupuo. Mwajiri ana siku 7 za kuitaarifu WCF kuhusu ajali. Akikaa kimya, mfanyakazi au ndugu zake waripoti wenyewe.

Ila kiharusi kilimpata kitandani alfajiri. Madhara yaleyale, mkono uleule usioshika usukani, lakini mlango wa WCF umefungwa. Ninaona hili ndilo jambo ambalo familia huchelewa kulielewa kuliko yote: kinga iliyo nono zaidi imefungwa kwenye chanzo cha madhara, si kwenye ukubwa wake.

Linabaki NSSF. Mfuko huo una pensheni ya ulemavu, na sharti lake kuu ni kwamba mwanachama awe amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, kwa uthibitisho wa kitabibu. Awe pia amechangia miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ya karibuni kabla ya kupata ulemavu. Asiyetimiza michango hiyo anaweza kupata mkupuo badala ya pensheni. Upande wa michango dereva wetu yuko salama, mradi mwajiri alikuwa anawasilisha kweli na si kukata tu kwenye hati ya mshahara. Taarifa ya michango iangaliwe ukiwa mzima, kwa sababu kumfuatilia mwajiri mdaiwa ukiwa kwenye kiti cha magurudumu ni kazi nyingine kabisa.

Tatizo lake ni theluthi mbili. Miezi minne baadaye anatembea kwa fimbo, anaongea vizuri, mkono wa kushoto bado dhaifu. Daktari anasema hawezi kuendesha lori, ila anaweza kukaa na kusajili magari getini. Kwa macho ya NSSF huenda hajafika theluthi mbili. Kwa macho ya mwajiri si dereva tena. Na likizo imekwisha.

Hapa ndipo watu huharibu. Mwajiri, pengine kwa nia njema kabisa, anamwambia: "Andika barua ya kuacha kazi, tukulipe kilicho chako, ukapumzike." Asiiandike. Kanuni za Utendaji Bora, tangazo la serikali namba 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri achunguze hali ya mgonjwa, ashauriane naye, na aangalie kama kuna kazi mbadala au marekebisho ya kazi kabla ya kumwachisha kwa sababu ya afya. Kazi ya getini iulizwe rasmi, kwa maandishi. Ikishindikana akaachishwa, ana haki ya notisi na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Kwa miaka 9 ni siku 63, takriban milioni 2.2. Juu ya hapo NSSF ina fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18: theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, yaani kama 300,000 kwa mwezi kwake. Fao hilo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Barua moja ya nusu ukurasa inaweza kumnyima milioni 1.8. Akiona ameachishwa isivyo halali, malalamiko yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Kwa wasomaji wa Kenya, saa inakimbia zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka kima cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, baada ya miezi miwili ya kazi. Mkataba wako au wa chama cha wafanyakazi unaweza kuwa bora, usome.

Sasa jumlisha. Kuanzia Julai familia inahitaji 480,000 kwa mwezi. Tuseme itachukua mwaka mmoja mpaka mke aanze kuingiza kitu au dereva apate kazi nyepesi. Hiyo ni milioni 5.76. Kiinua mgongo na fao la kukosa ajira vinatoa kama milioni 4, tena kama vyote vimeenda sawa na vimelipwa kwa wakati. Ongeza nauli za mazoezi ya viungo na mkopo wa benki usio na wa kuulipa, milioni 2.16 kwa mwaka. Pengo linakaribia milioni 4, na taratibu zikikwama linafika karibu 8. Hicho ndicho kiasi ambacho bima yako inapaswa kulipa, si kiasi anachokutajia wakala.

Zinazouzwa kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi ni bima ya maisha yenye nyongeza mbili: magonjwa makubwa na ulemavu wa kudumu. Ya magonjwa makubwa hulipa mkupuo ukithibitika kuwa na ugonjwa ulioorodheshwa. Lakini orodha haitoshi, soma tafsiri ya kila ugonjwa. Kiharusi kwa kawaida kinahesabika kama kimeacha athari ya kudumu kwenye neva, yenye ushahidi wa kipimo. Kile kinachopita ndani ya siku moja hakilipwi. Saratani ambayo haijaanza kupenya tishu mara nyingi huachwa nje. Kuna kipindi cha kusubiri baada ya kujiunga, mara nyingi siku 90, na mara nyingi mgonjwa lazima awe hai siku 14 hadi 30 baada ya kugundulika.

Kwenye ulemavu tafuta maneno mawili: "kazi yake" au "kazi yoyote". Dereva mwenye mkono dhaifu analipwa chini ya maneno ya kwanza. Chini ya ya pili anaambiwa anaweza kukaa getini. Kama uko tayari kulipia zaidi kwa jambo moja tu, ningekushauri iwe hilo.

Kisha fomu ya maombi. Inauliza kama umewahi kuambiwa una presha au sukari. Wakala mwenye haraka atakwambia uweke hapana ili isicheleweshwe. Siku ya dai kampuni itaomba faili lako la hospitali, na kipimo cha presha cha miaka mitatu iliyopita kitakuwa mle ndani. Sema ukweli, ulipe zaidi au ukubali presha iwekwe nje ya bima, ila ujue unachonunua. Dai likikataliwa, dai sababu kwa maandishi, kisha peleka malalamiko, nayo kwa maandishi, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Beba mkataba wa bima wenyewe, nakala ya fomu uliyojaza na barua ya kukataliwa.