Akodi ibadilike wapi? Mdundo, gama na akodi kwa wanafunzi wa muziki

Kijana mmoja wa korali yetu hapa Katuba, Lubumbashi, alikuja mazoezini na gitaa. Alikuwa anajua akodi tatu, do, fa na sol, na alizishika vizuri: nyuzi zote zilikuwa zinalia safi. Tukamwomba asindikize wimbo mfupi. Kila waimbaji walipotaja noti mpya, yeye akabadilisha akodi. Mstari wa pili haujaisha, korali imeshasimama.

“Mwalimu, ni akodi gani nimekosea?” akauliza.

Hakukosea hata moja. Alibadilisha mahali ambapo hapakutakiwa kubadilisha, basi. Ili kumweleza ilibidi turudi kwenye gama, kisha kwenye mapigo, ndipo tukafika kwenye gitaa lake.

Gama ni noti zilizopangwa kutoka chini kwenda juu, kwa nafasi ambazo sikio letu limezizoea. Ukiwa na gitaa unaweza kuziona kwa macho. Chukua uzi wa pili, ukihesabu kuanzia ule mwembamba kuliko yote. Ukiupiga wazi, unatoa si. Ukibonyeza nafasi ya kwanza, unapata do. Re iko nafasi ya 3, mi ya 5, fa ya 6, sol ya 8, la ya 10, si ya 12, na do ya juu iko ya 13. Kuhama nafasi moja tu ni nusu hatua. Kuhama nafasi mbili ni hatua nzima. Sasa tazama pale zinapobanana: mi na fa zinakaa mlango kwa mlango, si na do vilevile. Kwingine kote kuna nafasi moja iliyorukwa. Mpango huo ndio unaotufanya tusikie gama ya do. Ukiuvuruga, hata kama umeanzia do, sikio litagutuka.

Akodi inazaliwa humo humo ndani ya gama. Shika noti moja, ruka inayofuata, shika nyingine, ruka tena, shika ya tatu, kisha zilie zote pamoja. Kutoka do unapata do-mi-sol. Kutoka fa unapata fa-la-do. Kutoka sol unapata sol-si-re. Hizo ndizo akodi tatu za kijana wetu. (Kwenye simu utaziona zimeandikwa C, F na G. Ni zilezile.) Ukizihesabu noti zote zilizomo, utakuta do, re, mi, fa, sol, la, si: hakuna hata moja ya gama iliyoachwa nje. Ndiyo maana nyimbo nyingi zinasindikizwa na akodi tatu tu. Popote sauti inapokwenda ndani ya gama, kuna akodi moja kati ya hizo inayoibeba.

Hapo hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa kila noti ina akodi yake, anayeanza anadhani kila noti inadai akodi yake. Anayekataa jambo hilo ni mdundo.

Hesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha rudia, huku ukipiga mguu chini. Kila kundi la mapigo manne ni kipimo kimoja. Mapigo hayo hayana uzito sawa: la kwanza ndilo zito kuliko yote, la tatu linafuata kwa uzito, la pili na la nne ni mepesi. Usichanganye mdundo na kasi. Ukiharakisha, kasi inabadilika, lakini pigo zito linabaki kuwa la kwanza.

Tuchukue wimbo wa vipimo vinne niliowaandikia ubaoni siku hiyo, kila noti ikikaa pigo moja. Kipimo cha kwanza: mi, re, do, mi. Cha pili: fa, sol, la, fa. Cha tatu: sol, fa, re, si, hiyo si ikiwa ya chini. Cha nne ni do moja, inashikwa mapigo yote manne.

Kwenye kipimo cha kwanza, mapigo mazito yameangukia mi na do. Zote mbili zimo ndani ya akodi ya do. Ile re ya pigo la pili haimo, lakini iko kwenye pigo jepesi na imebanwa kati ya mi na do. Ni mpita njia. Mwache apite. Kijana wetu alikuwa anamkamata kila mpita njia na kumtengenezea akodi ya sol, ndiyo maana wimbo ulikuwa unasikika kama basi linalosimama kila mita kumi. Kipimo cha pili kina fa na la kwenye mapigo mazito: akodi ya fa, na sol iliyo katikati inapita tu.

Kipimo cha tatu kinahitaji utulivu kidogo. Kinaanza na sol, na sol imo kwenye akodi ya do na kwenye akodi ya sol pia. Tuchague ipi? Usiamue kwa noti moja. Pigo la tatu lina re, la nne lina si, na hizo hazimo kwenye akodi ya do. Basi ni sol. Cha nne, do inaweza kuwa ya akodi ya do au ya fa. Piga zote mbili usikie: kwa fa wimbo unabaki unaning'inia, kwa do unakaa chini. Wimbo wote, noti kumi na tatu, umehitaji kubadilisha akodi mara tatu tu.

Anayesikiliza rekodi za mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952, atasikia jambo hili kwa vidole viwili tu. Gumba linashika besi na kulinda mapigo. Kidole cha shahada kinacheza sauti ya juu na kuwapitisha wapita njia wake bila besi kubabaika.

Kama wimbo unahesabiwa kwa sita, uzito unahama: moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, na mapigo mazito ni la kwanza na la nne. Akodi ibadilike hapo.

Wiki iliyofuata waimbaji wakalalamika kuwa wimbo uko chini mno, tukaupandisha kwenye gama ya sol. Akodi zikawa sol, do na re. Kijana akaipiga re kwa kuhesabu noti alizozizoea, re-fa-la, na wote wakageuza shingo. Kutoka do hadi mi kuna nusu hatua nne. Kutoka re hadi fa ziko tatu tu, kwa hiyo alipata akodi ndogo, yenye sauti ya huzuni, mahali palipotaka akodi kubwa. Gama ya sol, ili ihifadhi ule mpango wa kubanana, inaipandisha fa nusu hatua kuwa fa dieze, ikae jirani na sol. Akodi sahihi ni re-fa dieze-la.

Neno kwa wanaojifunza kwa vitabu vya kwaya vya Tanzania na Kenya: humo do mara nyingi inahama, ni noti ya kwanza ya gama yoyote ile, na si inaitwa ti. Huku kwetu, kwa desturi ya Kifaransa, do haihami. Kwa hiyo mwimbaji wa Dar es Salaam akikuambia wimbo unaanzia do, muulize kwanza: do ya gama gani?