Kueleza hitilafu kwa sauti: mtahini anasikiliza nini kwenye usaili wa fundi magari

Kwenye usaili wa fundi wenye mtihani wa vitendo, mtahini hutegesha hitilafu kwenye gari, akakupa mita na spana, kisha akakuambia: "Tafuta tatizo, na unieleze unachofanya." Ndivyo ilivyo katika karakana nyingi zinazoajiri, na mitihani ya ufundi kama ile ya VETA Tanzania au NITA Kenya nayo hupima kazi ya mikono. Wengi husikia nusu ya kwanza tu ya agizo hilo. Wanainama chini ya boneti dakika kumi bila kutoa neno, wanainuka na kusema "stata imekufa." Hata kama wamepatia, mtahini hana cha kuandika, kwa kuwa hajui kama wamepima au wamebahatisha.

Kueleza kwa sauti si kutangaza mpira. "Sasa nafungua boneti, sasa nashika waya" haimsaidii mtu, maana mtahini ana macho. Anachotaka kusikia ni kile asichoweza kuona: unapima nini, unatarajia kusoma namba gani, na ukipata nyingine utaelekea wapi. Matarajio yasemwe kabla mita haijagusa chuma. Fundi anayesoma namba kwanza ndipo atafute maelezo anaweza kuhalalisha namba yoyote. Aliyeitaja mapema amejifunga, na hapo ndipo ujuzi wake unapoonekana.

Tuchukue hitilafu ambayo ni rahisi kuitegesha na inayowachuja watu vizuri: ufunguo ukizungushwa, stata inatoa mlio mmoja, "tik," na injini haizunguki.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha lalamiko. Breki ya mkono ivutwe, gia iwe nyutro, au P kama gari ni otomatiki, na tairi liwekewe kizuizi. Washa taa kubwa, zungusha ufunguo mwenyewe, na utangulize maelezo: "Mwalimu, naangalia taa wakati napiga stata. Zikififia sana, nitashuku betri imechoka, au stata inavuta mkondo mkubwa kwa sababu imekwama. Zikibaki na mwanga wake, betri ina nguvu lakini nguvu hiyo haifiki kwenye stata, au imefika na stata haiitumii." Katika mtihani wetu taa zinafifia kidogo tu. Maelezo hayo mafupi yameshagawa tatizo mapande mawili kabla ya kifaa chochote kutumika.

Sasa mita. Iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 20, waya mweusi kwenye tundu la COM na mwekundu kwenye tundu lenye alama ya V. Liseme hili kwa sauti, na ulitazame kweli. Mtahini mjanja huacha waya mwekundu kwenye tundu la 10 A. Ukigusa vichwa vya betri ukiwa hivyo, umeziunganisha moja kwa moja kupitia mita: cheche, na fyuzi ya mita inaungua ikiwa ipo. Kuna wanaopoteza nafasi hapo hapo.

Betri ikiwa imetulia inasoma volti 12.6, yaani imejaa. Fundi wa haraka atasema betri ni nzima. Fundi makini atasema haijulikani bado, kwa sababu betri iliyochoka nayo inaweza kuonyesha 12.6 wakati haijapewa mzigo. Ipimwe wakati stata inapigwa. Katika hali ya joto la kawaida, nyuzi 20 hivi, isishuke chini ya volti 9.6 injini inapozungushwa. Msaidizi anazungusha ufunguo, mita inaonyesha 11.6. Hapo pana mtego mwingine. Namba hiyo ni nzuri, lakini stata haikuzunguka, kwa hiyo hatujui kama imevuta mkondo wake wa kawaida. La kusema ni hili: "Betri siishuku kwa sasa, ila nitaipima tena injini ikianza kuzunguka." Sentensi kama hiyo humwonyesha mtahini kwamba unajua mpaka wa kipimo chako.

Kipimo kinachofuata ndicho kiini cha mtihani huu: upotevu wa volti. Volti zote za betri zinapaswa kuishia kwenye stata. Zikipotea njiani, kuna waya au kiungo kinachozila, na mita itaonyesha ni kipi ukiweka ncha zake mwanzo na mwisho wa njia hiyo wakati mkondo unapita. Anza upande wa chanya: ncha moja juu ya kichwa chenyewe cha betri, si kwenye klempu yake, nyingine kwenye bolti nene ya stata inayopokea waya wa betri. "Natarajia chini ya nusu volti. Ikizidi, waya huu au viungo vyake vina kasoro." Ufunguo unazungushwa, mita inasoma 0.1. Upande wa chanya ni mzima.

Upande wa hasi: ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha bloku ya injini, kwa sababu stata hupata hasi yake kupitia mwili wa injini. "Natarajia chini ya volti 0.3." Mita inasoma 6.9.

Usiruke kwa furaha. Fanya hesabu kwa sauti: betri inatoa 11.6, upande wa chanya umekula 0.1, upande wa hasi umekula 6.9, kwa hiyo stata imebakiwa na 4.6. Volti hizo zinaweza kuvuta solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, ikatoa mlio lakini hazitoshi kuzungusha injini. Namba zimejumlishika na dalili imeelezeka. Mtahini akiuliza "umejuaje si stata?" jibu liko hapo: stata haiwezi kuhukumiwa kabla haijapewa volti zake. Ingekuwa imepata volti 11 na zaidi na bado haizunguki, hapo ndipo tungeigeukia yenyewe, baada ya kujaribu kuzungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya kranki ili kujua kama haijakamata.

Swali linalopenda kufuata: "Kwa nini hukupima waya wa hasi kwa omu, si ndiyo rahisi?" Wengi hukwama hapa, na kwa kweli ni swali zuri. Tuseme stata hii, kwa volti 4.6 ilizobakiwa nazo, inavuta takriban ampea 150. Ili kupoteza volti 6.9 kwa mkondo huo, kiungo kinahitaji ukinzani wa omu 0.046 tu, kwa kuwa 0.046 mara 150 ni 6.9. Mita ya kawaida ya mkononi haiwezi kuona kiasi hicho, maana nyaya zake zenyewe zina ukinzani unaozidi hapo. Ingeonyesha karibu na sifuri, na wewe ungeapa kwamba waya ni mzima. Vivyo hivyo kwa waya uliokatika nyuzi zake zote ikabaki moja: kwa omu unapita, kwa stata haupiti. Ndiyo maana kipimo hiki hufanywa mkondo mkubwa ukiwa unapita, na ufunguo ukirudishwa mita inapaswa kusoma sifuri hata kama kiungo ni kibovu kabisa. Ukisoma sifuri kwa kuwa msaidizi alichelewa kuzungusha ufunguo, useme hivyo na urudie.

Kinachobaki ni kupunguza eneo. Katika gari hili waya wa hasi unatoka kwenye betri hadi kwenye bodi, kisha mkanda wa waya unatoka bodi hadi injini. Kichwa cha hasi cha betri hadi klempu yake: 0.0. Klempu hadi bodi: 0.1. Bodi hadi bloku: 6.8. Jumla 6.9, hakuna kilichotoroka. Mkanda wa bodi na injini ndio wenye kasoro, na sasa inaeleweka kwa nini taa hazikufifia sana: zinachukua hasi kwenye bodi, hazipiti kwenye mkanda huo.

Hata hapo usikimbilie spana. Thibitisha kwanza: chukua waya mnene wa kuwashia gari kwa betri nyingine, uunge kichwa cha hasi cha betri ya gari na bloku, mbali na mikanda na feni. Kwa kuwa sasa injini inaweza kuzunguka kweli, chomoa kwanza fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kupuliza mafuta, ili isiwake mikono ikiwa karibu, na useme kwa nini umeichomoa. Piga stata kwa sekunde chache, zisizidi kumi. Injini ikizunguka, umethibitisha bila kununua spea hata moja.

Matengenezo yenyewe ni mafupi. Ondoa klempu ya hasi ya betri kwanza, fungua mkanda, na mara nyingi utakuta rangi, kutu au karatasi aliyoibana mtahini mwenyewe chini ya bolti. Safisha nyuso zote mbili kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, rudisha hasi ya betri mwisho. Kisha rudia vipimo vile vile vilivyoshindwa: hasi ya betri hadi bloku sasa 0.1, na betri injini ikizunguka 10.6. Ile ahadi ya kuipima betri tena imetimizwa, na mtahini anayeandika alama ataikumbuka. Rudisha fyuzi, washa gari.

Makosa yanayowaangusha watu ni machache na hujirudia. Kubwa ni kubadilisha stata "tuone." Lingine ni kusema "iko sawa" bila namba, au kutaja namba bila kusema ilitarajiwa ngapi. Wapo pia wanaoanza vizuri, wakipata namba wasiyoitegemea wananyamaza. Hapo ndipo pa kusema zaidi: "Sikutegemea hii. Nakagua kwanza kama ncha ya mita imegusa chuma au rangi, halafu napima tena."

Muda ukiisha kabla hujaifikia hitilafu, toa ripoti ya ulipofika: betri ina 12.6 na imebaki 11.6 ufunguo ukizungushwa, chanya ni nzima, hasi inapoteza 6.9, na kipimo kinachofuata ni kati ya bodi na bloku. Fundi mwingine anaweza kuchukua mita na kuendelea kuanzia hapo bila kurudia chochote, na mtahini anaweza kukupa alama kwa kila kipimo kilichotajwa.