Pindo jeusi la logo si kwoliti ndogo

Logo imekatwa vizuri, ikawekwa juu ya fulana nyeupe, na sasa ina kamstari keusi pembeni. Kwenye maduka ya kuchapa Kariakoo jibu huwa tayari mdomoni: "Hii haina kwoliti, mwambie mteja alete kubwa." Mteja analeta kubwa, na mstari unakuja nayo.

Pindo jeusi ni mabaki ya rangi ya nyuma yaliyonasa kwenye pikseli za ukingoni. Basi.

Kwoliti ndogo ni jambo jingine. Ukivuta karibu unaona ngazi-ngazi au ukungu, na hauponi hata ukibadilisha rangi ya nyuma. Pindo lina tabia yake: weka logo ileile juu ya nyeusi, linapotea; irudishe juu ya nyeupe, hilo hapo. Wengine hudhani ni kivuli, lakini kivuli kwa kawaida huegemea upande mmoja, pindo huzunguka logo nzima.

Chanzo ni ulaini wa ukingo. Chukua logo ya njano, kwa namba za RGB 255, 200, 0, iliyochorwa juu ya nyeusi. Pikseli ya ukingoni ambayo nusu yake ni logo inachanganywa na nyeusi, inakuwa 128, 100, 0. Ukiikata, programu inaipa uwazi wa nusu lakini inaiachia ile rangi iliyokwisha kuchanganywa. Juu ya nyeupe inatoka kama 192, 178, 128, rangi ya tope. Ilipaswa kuwa 255, 228, 128, njano iliyopauka. Weusi umehesabiwa mara mbili.

Kwa hiyo kinachorekebishwa ni rangi ya ukingo, umbo liachwe lilivyo. Kwenye Photoshop, chagua leya iliyokatwa, nenda `Layer > Matting > Remove Black Matte`. Kama ilitoka kwenye nyeupe na pindo ni jeupe, kuna `Remove White Matte`. Ikiwa ilitoka kwenye rangi nyingine yoyote, tumia `Defringe` kwa pikseli 1, ambayo huazima rangi kutoka ndani ya logo. Logo ya rangi moja ni rahisi zaidi: funga uwazi kwa `Lock transparent pixels`, kisha imwagie njano yote.

Wengi hukimbilia `Contract` ili wale ukingo wote. Kwenye duara nene hakuna atakayegundua, ila maandishi membamba chini ya logo yanakonda, na mwenye kampuni ataliona hilo kabla yako. Logo iliyopitia JPEG ina uchafu uliosambaa zaidi ya pikseli moja, hapo `Defringe` ya 1 haitoshi, na afadhali kuomba faili la vekta.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kaunta, kabla hujamrudisha mteja, iweke kwanza juu ya nyeusi. Mstari ukipotea, mwache akae, faili lake halina shida ya ukubwa.