Kwa nini daktari wa akili humuuliza mwenye pepo "ndugu zako wanasemaje?"

"Nilimpeleka dada yangu hospitali, tukasema kwamba ana pepo. Daktari hakubisha wala hakukubali, akaanza kuuliza maswali tu na kuandika. Alikuwa anatafuta nini?"

Inaelekea alikuwa akifuata mahojiano ya kiutamaduni, maswali 16 yaliyomo katika DSM-5, mwongozo wa maradhi ya akili uliotolewa na chama cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Kabla ya kuchapishwa yalijaribiwa katika nchi 6, Kenya ikiwa mojawapo. Kuamua kama pepo yupo au hayupo si kazi ya daktari. Kazi yake ni kujua mgonjwa anamaanisha nini anapotaja neno hilo, maana neno moja hubeba mambo mengi.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama wa miaka 31, wa Tanga, analetwa na dada yake. Swali la kwanza humwacha aeleze tatizo kwa maneno yake, naye anajibu: "Pepo hunipanda Magharibi." Daktari analibakiza neno hilo hilo. Akilibadilisha haraka kuwa "kuchanganyikiwa", mgonjwa ataelewa kwamba hapa hasikilizwi, na yaliyobaki atampelekea mganga.

Linafuata swali la nini kinachomsumbua zaidi. Wengi hudhani atasema pepo. Huyu anasema halali usiku, na anaogopa kufukuzwa kazi kwa sababu ameshaanguka mara mbili mbele ya wateja. Hapo daktari amepata mahali pa kuanzia tiba, na hakuna aliyebishana na mwenzake.

Kisha wanafika kwenye chanzo: yeye anadhani nini, na ndugu zake wanasemaje? Kwangu mimi swali hili la ndugu ndilo lenye uzito kuliko yote. Watu wa Pwani wanawajua mapepo. Wanajua kiti, yaani mtu anayepandwa, hupandwaje, hudai nini, na hutulia vipi baada ya kupungwa. Dada akisema, "Hubadilika sauti, hudai ubani na kanga nyekundu, robo saa anarudi, hakumbuki," anaeleza jambo lenye sura inayofahamika kwao. Lakini akisema, "Daktari, mapepo tunayajua, hili si pepo, anazungumza peke yake mchana kutwa na haogi," basi jamii yenyewe imeshatofautisha, na saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, inabidi ichunguzwe kwa haraka.

Kupandwa katika ngoma, kwa hiari na kwa taratibu zinazokubalika, hakuhesabiwi kuwa ugonjwa. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inahesabu hali ya kupandwa kuwa ugonjwa pale inapomjia mtu bila kutaka, nje ya mila au dini yake, na kumtesa au kumvurugia maisha.

Mahojiano haya hayachukui nafasi ya vipimo. Kifafa nacho huangusha watu na kuwapotezea kumbukumbu, na malaria kali huweza kumfanya mtu aweweseke. Kwa hiyo dada anaulizwa kama kulikuwa na homa, kung'ata ulimi, kujikojolea. Mgonjwa naye anaulizwa tiba alizokwisha kupata, zikiwemo dawa za miti na kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani. Aulizwe bila kukunja uso, la sivyo atazificha.

Kwenye faili ndipo wengi huharibu. Nimeona maandishi ya namna hii: "Mgonjwa ana imani potofu za majini." Sentensi hiyo haina dalili hata moja, na atakayeipokea zamu ya usiku ameshapewa hukumu. Afadhali iandikwe hivi:

"Anaeleza: 'Pepo hunipanda Magharibi.' Dada, aliyeshuhudia mara 3, anasema sauti hubadilika kwa takriban dakika 15, kisha mgonjwa hakumbuki. Hakuna homa, hajang'ata ulimi, hajajikojolea. Ndugu wanaona ni pepo. Mgonjwa anahofia pia amerogwa na mtu wa ukweni. Amekunywa kombe mara 2. Kinachomsumbua zaidi: usingizi na kibarua."

Kila neno lina mwenyewe: hili la mgonjwa, hili la dada, hili nimeliona. Maoni ya daktari yanakuja baadaye, kwenye aya yake.

Angalia pia kwamba mtu wa ukweni hakutajwa jina. Tanzania na Kenya zote mbili zimeshuhudia wazee wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na faili hupita mikononi mwa wengi. Lakini daktari haishii hapo. Anamuuliza mgonjwa, faragha: "Unafikiria kumfanya nini mtu huyo? Na ndugu zako je?" Jibu likiwa na dalili ya kulipiza kisasi, linaandikwa wazi, pamoja na hatua zilizochukuliwa kumlinda anayetuhumiwa.

Swali la mwisho kati ya yale 16 linamgeukia daktari mwenyewe: je, mgonjwa ana wasiwasi kwamba hawaelewani? Mama wetu akajibu, "Nilidhani utanicheka." Hilo nalo likaandikwa.