Dhana potofu kuhusu jedwali la sauti: mkia wa ŋ haukuwekwa ovyo

Slaidi ya jedwali la alfabeti ya kimataifa ya fonetiki wengi mnaifahamu. Jedwali la konsonanti limejaa ukurasa mzima: safu kumi na moja za kwenda chini, safu nane za kwenda kando, na ndani yake herufi za kawaida zimechanganyika na vitu kama ɲ, ɳ, ŋ na ʐ. Mwalimu anasoma majina ya safu, anapita. Mwanafunzi ananakili kila kitu kwenye daftari, akirudi nyumbani anaanza kukariri alama moja moja. Mimi nilianza hivyohivyo, na ninapofundisha sasa naona makosa yaleyale yakirudi kila mwaka. Basi nitayachukua manne, na karibu muda wote nitabaki kwenye safu moja tu ya jedwali, ile ya nazali, kwa sababu ukiielewa hiyo zilizobaki hazitakusumbua sana.

Dhana: Alama hizi ni za kukariri tu, hazina mantiki

Ukweli ni kwamba jedwali ni ramani ya kinywa. Chukua picha ya kichwa cha mtu anayetazama upande wa kushoto. Midomo iko kushoto, kisha meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kilimi, koo, na mwisho kabisa glota, pale penye nyuzi sauti. Safu za kwenda chini zimepangwa kwa mfuatano huohuo, kwa hiyo kutembea kwenda kulia kwenye jedwali ni kutembea kuingia ndani ya kinywa. Safu za kwenda kando zinaeleza hewa inafanywa nini: inazibwa kabisa, inabanwa hadi ikwaruze, au inapitishwa puani. Na pale kisanduku kinapokuwa na alama mbili, ya kushoto ni sighuna, isiyotetemesha nyuzi sauti, na ya kulia ni ghuna, inayozitetemesha.

Sasa ingia kwenye safu ya nazali. Tamka polepole mama, nani, nyanya, ng'ang'ania, na kila neno lishike kwenye sauti yake ya kwanza kwa sekunde mbili kabla ya kuendelea. Kwenye [m] midomo imefungwa. Kwenye [n] ncha ya ulimi imegusa ufizi. Kwenye [ɲ], ambayo sisi tunaiandika ny, sehemu ya kati ya ulimi imeinuka ikabandikwa kwenye kaakaa gumu. Kwenye [ŋ], yaani ng', sehemu ya nyuma ya ulimi imeziba kwenye kaakaa laini. Chukua kioo ulinganishe [n] na [ŋ]: kwenye ng' kinywa kinaweza kuwa wazi na ncha ya ulimi ikalala tu nyuma ya meno ya chini, haifanyi kazi yoyote. Kisha bana pua ukiwa katikati ya sauti yoyote kati ya hizo nne. Sauti inakatika papo hapo, na hiyo ndiyo maana ya kuziweka kwenye safu moja: kinywa kimezibwa, njia pekee ya hewa ni pua. Kinachobadilika ni mahali pa kuziba, na ndiyo sababu ziko kwenye safu nne tofauti za kwenda chini.

Hata maumbo ya alama yana habari ndani yake. Tazama ʈ, ɖ, ɳ, ʂ, ʐ, ɭ na ɽ. Zote zina mkia unaopinda kulia, na zote zinatamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi kuelekea nyuma ya ufizi. Ukikutana na usiyoijua yenye mkia huo, tayari umeshajua safu yake. Tazama pia safu ya kaakaa gumu: j, ʝ, ɟ na ɲ. Mguu wa kushoto wa ɲ unashuka na kupinda kama mkia wa j, na [j] yenyewe ni ile sauti tunayoiandika y katika yai, inayotamkwa palepale kaakaani. Mimi huikumbuka ɲ kama n iliyoshikana na j. Ya ŋ naikumbuka kwa mkia wa g, kwa kuwa g na ŋ zinakaa safu moja ya kwenda chini.

Mfumo huu una mpaka wake, na ni vizuri kuujua. Mkia wa ɱ, nazali ya mdomo wa chini na meno ya juu, unapinda kushoto kama wa ŋ, lakini mahali pake ni tofauti kabisa. Mkia wa kulia ni kanuni, ila si kila mkia ni kanuni.

Dhana: Alama ni herufi zetu zilezile zilizopambwa

Hili ndilo linalowaangusha wengi kwenye mtihani. Chama cha kimataifa cha fonetiki kilianzishwa Paris mwaka 1886, na alfabeti yake ya kwanza ilitoka 1888. Waliazima herufi za Kirumi, lakini hawakuzipa matamshi ya lugha moja. Kwa hiyo [j] ni y yetu, kama Wajerumani wanavyoitamka. Nayo [y] si konsonanti hata kidogo, ni irabu: tamka i, usisogeze ulimi, viringisha midomo kama unataka kutamka u. Hiyo ndiyo [y].

Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, hauko Ulaya. Uko ndani ya sarufi yetu. Vivumishi vya nomino kama nyumba huchukua kiambishi cha nazali, na shuleni tuliambiwa tu kwamba ni n, halafu tukapewa orodha ya mambo ya kushangaza. Ziweke kwenye jedwali uone:

| Shina | Na nyumba | Sauti inayofuata inatamkiwa | Nazali inayosikika |
|---|---|---|---|
| -baya | mbaya | midomoni | [m] |
| -dogo | ndogo | kwenye ufizi | [n] |
| -geni | ngeni | kwenye kaakaa laini | [ŋ] |
| -eupe | nyeupe | (irabu) | [ɲ] |

Nazali inahamia mahali pa konsonanti iliyo mbele yake. Midomo ikijiandaa kwa b, nazali nayo inatamkwa kwa midomo. Na angalia ngeni: tunaiandika kwa n, lakini ukishika ile nazali kabla ya g, ncha ya ulimi haigusi ufizi. Ni [ŋ]. Maandishi yanatumia herufi moja kwa sauti mbili, alama za kifonetiki zinazitenganisha. Jaribu na mvua pia: kwa wasemaji wengi mdomo wa chini unakuwa umeshafika kwenye meno ya juu kabla ya v kuanza, na hiyo ni [ɱ], sauti ambayo mwanafunzi anaapa kwamba hajawahi kuitamka maishani mwake.

Bado hatujatumia upande wa kushoto wa visanduku. Geuza b, d, g ziwe wenzao sighuna p, t, k. Tunasema nyumba pana, chai tamu, dawa kali. Nazali imetoweka. Kwa hiyo ile tofauti ndogo ya kushoto na kulia ndani ya kisanduku kimoja ndiyo inayoamua kama kiambishi kitasikika. Kuna mwenye macho makali atauliza: na nyumba mpya je? Shina -pya lina silabi moja tu, na neno la Kiswahili linahitaji silabi ya pili kutoka mwisho ili ibebe mkazo, kwa hiyo nazali inabaki na kuwa silabi yenyewe. Lakini tazama imebaki kwa umbo gani: m, kwa sababu p ni ya midomo. Mahali pa kutamkia pameheshimiwa hata hapo.

Dhana: Visanduku vitupu ni sauti zilizosahauliwa

Hapana. Vilivyotiwa kivuli na vilivyo vitupu tu vina maana mbili tofauti. Kivuli kinasema kinywa cha binadamu hakiwezi. Nenda mwisho wa safu ya nazali, kwenye glota, utakuta kivuli. Nazali inahitaji kinywa kizibwe na hewa ipite puani. Ukiziba kwenye glota umeziba chini ya njia panda ya kinywa na pua, kwa hiyo hakuna hewa inayofika popote. Vivyo hivyo kipasuo ghuna cha glota, yaani sauti ghuna ya kuziba hewa kabisa kisha kuiachia: nyuzi sauti haziwezi kubanana kabisa na kutetema kwa wakati mmoja.

Kisanduku kitupu kisicho na kivuli ni mlango ulioachwa wazi: sauti inawezekana, ila haijapewa alama yake. Na mlango huo hufunguliwa kweli. Mwaka 2005 alama ⱱ iliingizwa kwa sauti ya mdomo na meno ambayo mdomo wa chini unavutwa ndani kisha unachapa meno ya juu ukitoka. Inapatikana katika lugha kadhaa za Afrika ya Kati.

Dhana: b ni b, lugha yoyote

Shika koo lako taratibu kwa vidole viwili, useme baba, kisha useme mbao. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, kwenye baba zoloto linashuka kidogo kabla midomo haijaachana, na hewa inavutwa ndani inapoachana. Kwenye mbao halifanyi hivyo. Sauti ya baba ni [ɓ], ya mbao ni [b]. Ndiyo maana hukuiona ya kwanza kwenye jedwali kuu: jedwali hilo ni la sauti zinazosukumwa na hewa ya mapafu, na ɓ imewekwa kwenye jedwali dogo la pembeni. Umbo lake nalo linasema: ndoano ya juu inayopinda kulia. Utaiona tena kwenye ɗ na ɠ, na kazi yake ni ileile. Kihausa kinaandika ɓ na ɗ katika tahajia yake ya kila siku.

Kuna jaribio moja ambalo huwapa wanafunzi wangu wenye lafudhi ya pwani. Weka kiganja mbele ya midomo, useme paa la nyumba, kisha paa yule mnyama wa mwituni. Wa pwani atahisi pumzi kiganjani kwenye mnyama, [pʰaa], na karibu hakuna kwenye nyumba. Mnyama yuko kwenye ngeli ileile ya nazali tuliyoiona ikitoweka kwenye pana na tamu; pale iliposimama zamani, leo kuna pumzi, na ile ʰ ndogo iliyoandikwa juu ndiyo inayoionyesha.