Je, wajua kwa nini dawa ya kupe ya mbwa inaweza kumuua paka?

"Nina mbwa na paka nyumba moja, kupe na viroboto wamezidi. Kati ya kola, matone ya mgongoni na vidonge nichukue ipi ambayo haitawadhuru?"

Kwa nyumba kama yako mimi ningempa mbwa kidonge na paka ningempa matone yaliyoandikwa ni ya paka, na sababu kubwa ni dawa moja inaitwa permethrini. Ukifika dukani achana na picha ya mbele, geuza paketi usome kilichomo. Matone mengi ya mbwa yana permethrini, na kwa mbwa ni dawa nzuri tu maana inamfukuza kupe hata kabla hajauma. Ini la mbwa linaivunja na kuitoa. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachofanya hiyo kazi, kwa hiyo dawa inakaa mwilini inachokoza mishipa ya fahamu mpaka paka anaanza kutetemeka.

Watu wengi wanasema basi nitamwekea nusu, maana paka ni mdogo. Hebu tupige hesabu. Kuna kichupa cha mbwa wa kilo 10 hadi 25 ambacho kina mililita 2.5, kila mililita ina miligramu 500 za permethrini, jumla 1250. Nusu yake ni 625. Paka wa kilo 4 atapata kama miligramu 156 kwa kila kilo, wakati miligramu 100 tu kwa kilo zinatosha kuhatarisha maisha yake. Yaani nusu bado ni sumu.

Jirani yangu alifanya hivyohivyo, muuzaji ndo alimwambia agawe. Asubuhi alimpaka paka wake dawa, jioni masikio ya paka yanachezacheza na mate yanamtoka, usiku mwili mzima unatetemeka. Alipona lakini alilala kwa daktari siku kadhaa. Ikikutokea mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, usitumie ya moto, mfunge taulo umkimbize kwa daktari wa mifugo. Kama ameshaanza degedege usipoteze muda kumwosha, nenda. Na usijipe moyo kwa kuona saa mbili tatu zimepita salama, dalili zinaweza kuchelewa hata siku 3.

Hata ukimpaka mbwa peke yake, watenganishe mpaka dawa ikauke kabisa, na kama paka wako ana tabia ya kumlamba mbwa au wanalala wamekumbatiana mimi nisingeiingiza ndani kabisa.

Ndo maana napenda kidonge kwa huyo mbwa, hakuna kitu kinachobaki kwenye manyoya. Kidonge cha afoksolana unampa kila mwezi, cha fluralana kinakaa kama wiki 12, na hiyo fluralana mpe pamoja na chakula ndo inaingia vizuri mwilini. Shida yake ni kwamba kupe lazima aume kwanza ndo afe, na ugonjwa wa erlikia unaoletwa na kupe unaweza kumwingia mbwa ndani ya saa chache tu tangu aumwe, kwa hiyo bado mkague mbwa masikioni na katikati ya vidole. Alafu mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba vidonge vya kundi hili vinaweza kuleta mtetemeko na degedege kwa baadhi ya mbwa. Wengi wanavimeza bila tatizo, ila kama wako alishawahi kupata kifafa mwambie daktari kabla hujanunua. Mpime uzito kwanza, usikadirie kwa macho.

Kola yenye imidaklopridi na flumethrini zipo za mbwa na za paka, inaweza kufika miezi 8, mvalishe kiasi vidole viwili viweze kupita chini yake. Ni nzuri kwa mtu anayesahau tarehe, ila feki ni nyingi, na kama watoto wanalala na huyo mnyama wamemshika shingo mimi ningeiacha.

Na tafadhali ile dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi usimpimie paka kwa kifuniko, hata kidogo.

Kwa paka tumia matone ya fipronili ya paka: tenganisha manyoya nyuma ya shingo mpaka uone ngozi, pale ambapo ulimi haufiki, umimine hapo, na usimwogeshe siku 2 kabla wala siku 2 baada. Kama mnafuga na sungura dawa hiyo isimguse, kwake ni sumu.

Ukishaweka utaendelea kuona viroboto wiki kadhaa, hapo watu ndo wanaongeza dozi kwa hasira. Dawa haijashindwa, ni wale waliokuwa kwenye vifukofuko vyao chini ya zulia na kwenye nyufa ndo wanatoka sasa, kwa hiyo fagia kila siku, fua matandiko yao kwa maji ya moto, na dozi inayofuata isubiri tarehe yake.