Asilimia 60 ya seti haikupi asilimia 60 ya 2–0

"Kaka, huyu mchezaji wa tenisi ana asilimia 60 ya kushinda kila seti. Si kushinda mechi 2–0 nayo ni 60?" aliniuliza kijana wa bodaboda hapa Malindi.

Hapana, ndugu yangu. Mechi huchukuliwa na anayetangulia kushinda seti mbili, na kwa 2–0 lazima azishinde mfululizo: 0.6 × 0.6, yaani asilimia 36 tu. Ushindi wa 2–1 una njia mbili, kwani seti anayopoteza ni ya kwanza au ya pili, kamwe si ya tatu: 2 × 0.6 × 0.6 × 0.4, asilimia 28.8. Nafasi ya kushinda mechi nzima basi ni jumla yake, asilimia 64.8.

Kwenye kubeti, odi ya haki ya 2–0 ni 1 ÷ 0.36, yaani 2.78. Ukipewa 2.40, shilingi 100 hurudisha wastani wa 86 tu; hapo unanyonywa. Na hesabu hii huchukulia kwamba seti haziathiriani. Mchezaji akiumia, inaharibika.